Kusoma grafu ya karatasi kwa macho au kwa skana: njia ipi ichaguliwe, na kosa lake ni kiasi gani

Mtu anayepewa grafu iliyochorwa kwa mkono, ambayo jedwali lake la awali limekwisha kupotea, ana njia mbili za kuaminika za kuzirudisha nukta zake katika tarakimu. Ya kwanza ni kuzisoma kwa macho akifuata mistari iliyopigwa chapa kwenye karatasi yenyewe. Ya pili ni kuipiga karatasi skani, kuifungua picha katika programu kama WebPlotDigitizer, na kubofya nukta moja baada ya nyingine. Wengi hudhani kwamba njia ya pili ni bora siku zote kwa sababu huandika tarakimu tatu au nne baada ya nukta ya desimali. Ninaona kwamba dhana hiyo ipimwe kwa mfano, kwa kuwa jibu hutegemea kilichochorwa zaidi ya chombo kilichotumika kukisoma.

Ipo pia njia ya tatu, ya kupima kwa rula kutoka kwenye mhimili, na ninaiondoa mapema. Katika mji wa pwani kama Tanga, karatasi iliyokaa miaka mingi katika droo hufyonza unyevu na kutanuka, tena hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Utanukaji wa nusu asilimia tu katika urefu wa milimita 175 ni karibu milimita 0.9, ambayo ni zaidi ya kosa lote la jicho makini. Mistari ya grafu hutanuka pamoja na karatasi, kwa hiyo anayesoma kwa mistari hiyo hadhuriki, lakini rula haitanuki. Rula ibaki kuwa ukingo wa kuongozea jicho, isiwe kipimo.

Tuchukue karatasi moja ya mfano. Ni karatasi ya milimita ya A4, na juu yake zimewekwa nukta 25 za kimo cha maji ya bahari katika ghuba ya Tanga, moja kwa kila saa, kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku ya siku iliyofuata, katika siku ya bamvu. Mhimili wa mlalo una sentimita 1 kwa kila saa, na mhimili wa wima una sentimita 5 kwa kila mita 1 ya maji. Kabla ya kusoma nukta yoyote, skeli hizi zigeuzwe ziwe thamani ya mraba mdogo mmoja, kwa sababu hesabu zote za kosa zitatoka hapo. Milimita 1 ya mlalo ni dakika 6, na milimita 1 ya wima ni sentimita 2 za maji.

Jambo jingine la kuthibitisha mapema ni saa zilizoandikwa chini ya mhimili. Mchoraji wa pwani anaweza kuwa ameandika saa kwa hesabu ya Kiswahili, ambapo saa 1 ni baada ya jua kuchomoza, au kwa hesabu ya saa 24 inayoanzia usiku wa manane. Tofauti yake ni saa 6, na kwa kuwa kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa 6 na ushei, kosa hili hubadilisha kujaa kuwa kupwa huku umbo la mchoro likibaki vilevile. Njia ya kulitambua ipo. Siku za bamvu, yaani karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji katika pwani yetu hufikia kilele karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Ikiwa karatasi ina tarehe ya bamvu na usomaji wako unaweka kilele saa nne asubuhi, umeusoma mhimili kwa saa isiyo yake. Hakuna programu itakayokuonya kuhusu hilo, wala skani iliyo safi haitalirekebisha.

Sasa njia ya macho. Karatasi hulazwa juu ya meza tambarare penye mwanga wa kutosha, na msomaji huweka jicho moja kwa moja juu ya nukta, si kwa kuinama upande, kwa sababu ukingo wa rula una unene na jicho lililo kando huona mstari umesogea. Kinachosomwa ni kitovu cha nukta. Kama mchoraji alitumia alama ya msalaba, kitovu ni pale mistari yake miwili inapokutana. Kama alitumia nukta ya penseli ya duara, yenye upana wa takribani milimita 1, msomaji husoma ukingo wa juu na wa chini kisha huchukua kati yake. Kutoka kwenye mstari mnene ulio karibu huhesabiwa miraba midogo, na mabaki hukadiriwa kwa nusu ya mraba. Anayetumia kioo cha kukuzia anaweza kukadiria hadi moja ya tano ya mraba, ingawa kwa nukta ya penseli sioni kwamba nyongeza hiyo ina maana.

Katika njia ya programu, karatasi hupigwa skani kwa rangi, kwa nukta 300 kwa inchi. Steshenari nyingi zina mashine yenye uwezo huo, lakini ni lazima useme wazi kwamba hutaki nyeusi na nyeupe, kwa kuwa mistari myepesi ya kijani au ya chungwa hupotea, na bila mistari hiyo huna cha kupimia. Kwa ukali huo milimita 1 huwa karibu pikseli 12. Programu huomba uitambulishe mihimili kwa kubofya mahali panne, yaani pawili pa mlalo na pawili pa wima, ambapo thamani zake zinajulikana. Hapa ndipo kazi nzuri na mbaya hutengana. Chagua makutano ya mistari ya chapa, si mihimili iliyopigwa kwa penseli, na chagua yaliyo mbali sana, kwa mfano saa 0 na saa 24. Ukichagua saa 4 na saa 6, kosa la pikseli 2 la kubofya huzidishwa mara nyingi unapofika mwisho wa karatasi.

Baada ya kuitambulisha mihimili, usianze na nukta za data. Bofya kwanza makutano matano au sita ya mistari ambayo hukuyatumia, baadhi pembeni na mengine katikati, uone programu inasema yako wapi. Makutano ya saa 12 na mita 2.00 yakisomeka 12.01 na 2.003, skani yako ni nzuri. Yakisomeka 12.01 na 2.02 huku ya pembeni yakiwa sahihi, karatasi ilijikunja juu ya kioo cha mashine, au picha ilipigwa kwa simu iliyoinama. Mahali panne pa kutambulisha mihimili hurekebisha mzunguko na skeli, lakini hapanyooshi mkunjo wala mwinamo wa kamera. Kwa sababu hiyo picha ya simu ninaiweka chini ya njia zote mbili, isipokuwa pale ambapo karatasi haiwezi kuondolewa mahali ilipo.

Jedwali hili linaonyesha nukta saba za mfano wetu, kuanzia maji yalipokuwa yamejaa hadi yalipokaribia kupwa. Safu mbili ni za macho, na usomaji wa pili ufanywe siku nyingine ule wa kwanza ukiwa umefunikwa. Safu mbili za mwisho ni za programu.

| Saa (ya 24) | Macho, mara ya 1 (m) | Macho, mara ya 2 (m) | Programu, saa | Programu, kimo (m) |
|---|---|---|---|---|
| 4 | 3.30 | 3.30 | 4.02 | 3.297 |
| 5 | 3.19 | 3.20 | 5.01 | 3.186 |
| 6 | 2.71 | 2.70 | 5.97 | 2.704 |
| 7 | 2.06 | 2.04 | 7.04 | 2.047 |
| 8 | 1.29 | 1.30 | 7.98 | 1.306 |
| 9 | 0.65 | 0.65 | 9.01 | 0.653 |
| 10 | 0.35 | 0.34 | 10.02 | 0.344 |

Kosa la usomaji wa macho linapatikana kutokana na tofauti kati ya safu mbili za macho, na si kwa kubuni kwamba ni nusu ya mraba kwa kuwa vitabu vya shule husema hivyo. Tofauti hizo kwa sentimita ni 0, 1, 1, 2, 1, 0 na 1. Miraba yake ikijumlishwa ni 8. Gawanya kwa mara mbili ya idadi ya nukta, yaani 14, kisha chukua kipeuo cha pili, na jibu ni takribani sentimita 0.8 kwa usomaji mmoja. Katika lahajedwali, usomaji wa kwanza ukiwa safu B na wa pili safu C, fomula ni hii:

```
=100*SQRT(SUMXMY2(B2:B8,C2:C8)/14)
```

Kwenye karatasi hiyo ni milimita 0.4, na ni matokeo ya kawaida kwa msomaji mtulivu. Kazi hiyohiyo ikifanywa kwa programu, kwa kubofya nukta zote mara mbili, tofauti huwa ndogo zaidi, na tuseme kosa linafika sentimita 0.3. Hadi hapa programu imeshinda kwa zaidi ya mara mbili, na wengi huishia hapo.

Lakini anayerudia kusoma hupima mkono wake mwenyewe tu. Nukta ilipowekwa na mchoraji, huenda ilikosea mahali pake kwa hadi nusu milimita, na msomaji akiisoma mara mia ataipata palepale ilipokosewa. Nusu milimita ni sentimita 1 ya maji, na kwa kuwa mahali popote ndani ya mpaka huo panawezekana sawasawa, mpaka hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 3 ili kupata kosa sanifu la takribani sentimita 0.6. Makosa yasiyotegemeana huunganishwa kwa kujumlisha miraba yake na kuchukua kipeuo cha pili. Kwa macho, 0.8 na 0.6 hutoa sentimita 1.0. Kwa programu, 0.3 na 0.6 hutoa takribani 0.7. Pengo limekwisha kupungua.

Ipo njia ya kuuchunguza mkono wa mchoraji bila kumjua, na katika hili programu ina faida ambayo macho hayana. Tunajua kwamba vipimo vilichukuliwa kila saa kamili, kwa hiyo nukta zote zilikusudiwa kukaa juu ya mistari ya saa. Safu ya nne ya jedwali inaonyesha zilivyokengeuka: 0.02, 0.01, kisha 0.03 upande wa pili, na kadhalika. Wastani wa miraba ya mikengeuko hiyo saba, ukichukuliwa kipeuo chake, ni takribani saa 0.024, yaani dakika 1.4, ambazo ni milimita 0.24. Hilo ni kosa la mchoraji na la kubofya yakiwa pamoja, katika upande wa mlalo. Kama mkono ulikuwa uleule upande wa wima, ni karibu sentimita 0.5 za maji, na si mbali na 0.7 tuliyokadiria. Hata hivyo kuweka nukta juu ya mstari uliochapwa ni rahisi kuliko kuiweka kati ya mistari miwili, kwa hiyo nalichukulia kadirio la mlalo kuwa kiwango cha chini na kubaki na 0.7. Baada ya uchunguzi huo, saa katika jedwali la mwisho ziandikwe 4, 5, 6, na si 4.02 na 5.97, kwa sababu sehemu hizo za mia ni alama za mkono na hazina habari yoyote ya bahari.

Sasa turudi nyuma zaidi ya karatasi, kwenye mti wa kupimia, yaani ule uliosimamishwa majini ili kimo kisomwe juu yake. Ukiangalia tena usomaji wa macho wa mara ya kwanza, utaona kwamba thamani zote ziko ndani ya sentimita 1 ya kizidisho cha 5: 3.30, 3.20, 2.70, 2.05, 1.30, 0.65, 0.35. Kama maji yangesomwa kwa kila sentimita, mabaki yangetawanyika sawasawa kutoka sentimita 2 chini hadi 2 juu ya kizidisho kilicho karibu, na nafasi ya zote saba kuwa ndani ya 1 ingekuwa chini ya 3 katika 100. Nukta zote 25 zikionyesha hivyo, shaka huondoka. Aliyekuwa akisoma mti aliusoma kwa hatua za sentimita 5, na tunaruhusiwa kuzirudisha thamani kwenye hatua hizo. Kwa urejeshaji huo kosa la jicho na la mchoraji huondoka karibu lote, kwa sababu yote mawili ni madogo mno kulisogeza jibu hadi hatua nyingine. Kosa linalobaki ni la mti wenyewe, sentimita 2.5 kwa kila upande, yaani kosa sanifu la 1.4.

Hata asiyetaka kuzirudisha kwenye hatua atagundua jambo lilelile. Akiongeza 1.4 ya mti kwenye hesabu yake, macho yanampa jumla ya sentimita 1.7 na programu 1.6. Kwa kazi yoyote ninayoijua ya maji ya bahari, tofauti hiyo haistahili safari ya steshenari. Kwa karatasi ya nukta zilizo wazi, zilizowekwa kwa vipindi vinavyojulikana, zisizozidi hamsini au sitini, nachagua macho, kwa usomaji wa mara mbili. Jicho linalopita nukta moja moja huona pia mambo ambayo mbofyaji huyaruka: nukta iliyofutwa ikahamishwa, alama ya kuuliza iliyoandikwa kando, doa la chai lililofanana na nukta. Nukta zikiwa mia mbili na zaidi, uchovu huanza kuzaa makosa ya mraba mkubwa mzima, na hapo programu inashinda. Kosa la namna hiyo si la kuingizwa katika wastani. Kwa skeli yetu ni sentimita 20 kamili, hujitokeza mara moja unapolinganisha usomaji wa kwanza na wa pili, na dawa yake ni kurudi kwenye karatasi.

Hali hubadilika kabisa pale ambapo karatasi haina nukta, bali ina mstari mmoja mfululizo, kama ule unaochorwa na kalamu ya mashine ya kupimia maji. Hapa saa haijulikani tena kwa hakika, hivyo kosa la mlalo huingia katika kimo kupitia mteremko. Katika mfano wetu maji yanashuka kwa kasi kubwa karibu na saa 7, takribani sentimita 76 kwa saa. Nusu milimita ya mlalo ni dakika 3, na katika dakika 3 maji yameshuka karibu sentimita 4. Msomaji wa macho anayedhani kosa lake ni sentimita 1 kwa sababu ameukadiria mhimili wa wima vizuri, kwa kweli ana kosa la mara nne katika sehemu hiyo, na jedwali lake halitaonyesha. Programu, ikiwa skani imepita ule mtihani wa makutano, huweza kushika mlalo hadi milimita 0.2, na kosa linashuka hadi sentimita 1.5 hivi. Kwa mistari mfululizo yenye miteremko mikali nachagua programu bila kusita. Hata hivyo nabofya mwenyewe, kwa kuwa ufuatiliaji wa rangi unaofanywa na programu mara nyingi huuchanganya mstari wa penseli na mistari ya karatasi.

Kwenye kilele mambo hugeuka. Pale kimo husomeka vizuri kwa njia zote mbili, lakini saa ya kilele haisomeki kwa yoyote, kwa sababu mstari uko tambarare. Katika mfano wetu maji hukaa ndani ya sentimita 1 ya kilele kwa muda wa dakika 14 kabla na dakika 14 baada. Anayeweka rula juu ya kilele na kuandika saa ya kujaa kwa dakika anajidanganya. Iliyo bora ni kuchagua kimo cha chini kidogo, kwa mfano mita 3.00, pale mteremko unapokuwa mkali, kisha kusoma saa mbili ambazo mstari unakipita. Zikiwa 2:56 na 5:28 kwa saa ya 24, kati yake ni 4:12, na kosa ni kama dakika 2 badala ya 14. Urudie kwa mita 2.80 na 2.60. Jibu likihama kwa mfululizo upande mmoja, maji yanapanda na kushuka kwa kasi zisizolingana, na saa ya kati iliyo karibu zaidi na kilele ndiyo ya kuandikwa.

Mbinu hiyo isitumiwe kwenye mstari ambao mchoraji aliupitisha kwa mkono kati ya nukta za kila saa. Huo ni maoni yake kuhusu bahari ilivyokuwa kati ya vipimo, na thamani zilizotolewa humo, kwa macho au kwa programu, ziwekwe katika safu ya peke yake yenye jina linaloonyesha kwamba zimekadiriwa. Jedwali ninaloliona limekamilika lina safu nne kwa kila nukta: saa, kimo kama kilivyosomwa, kimo kilichorudishwa kwenye hatua ya mti, na kosa sanifu kwa sentimita. Juu yake huandikwa skeli, njia iliyotumika, na hesabu ya saa iliyofuatwa katika kuusoma mhimili.